Pesa Iliyolala Stoo: Mtaji wa Duka la Jumla na Siku Unazochukua Kurudi

Mtaji wa kuendeshea duka la jumla haukai mahali pamoja. Asubuhi unaweza kuwa noti kwenye droo au salio benki. Mfanyabiashara akilipia mzigo, pesa hiyo inageuka kuwa mifuko ya sukari na ndoo za mafuta zilizopangwa stoo. Mzigo ukichukuliwa kwa mkopo na mwenye duka la rejareja, mtaji huohuo unakuwa mstari katika daftari la madeni. Mteja akilipa, unarudi kuwa pesa na safari inaanza upya. Siku zinazopita tangu mfanyabiashara atoe pesa kumlipa msambazaji hadi apokee pesa ya mteja ndizo huitwa mzunguko wa pesa.

Urefu wa mzunguko huo ndio unaoamua duka linahitaji mtaji kiasi gani. Maduka mawili yanaweza kuuza kiasi kilekile kwa bei zilezile, moja likaendeshwa kwa shilingi milioni 30 na jingine likalemewa hata likiwa na milioni 60. Tofauti yao inaweza isionekane katika hesabu ya faida, kwa sababu faida huandikwa siku ya mauzo, ilhali pesa huja baadaye, na mzigo ambao haujauzwa haumo kabisa katika hesabu hiyo. Ndiyo maana mfanyabiashara anaweza kufunga mwezi akiwa na faida kwenye vitabu na bado akakosa pesa ya kulipia lori la Jumatatu.

Wafanyabiashara wameijua hali hii tangu zamani, lakini njia ya kuipima kwa siku ilienezwa na wasomi wawili wa Marekani, Verlyn Richards na Eugene Laughlin, katika makala yao ya mwaka 1980. Hoja yao ilikuwa kwamba kulinganisha mali na madeni ya biashara kwa siku moja hakutoshi kuonyesha kama itaweza kulipa madeni yake, kwa sababu kunahesabu mzigo na madeni ya wateja kama vitu vilivyo karibu na pesa bila kuuliza vitachukua muda gani kugeuka pesa. Waliweka hesabu ya vipande vitatu: siku ambazo mzigo unakaa stoo, ongeza siku ambazo wateja wanachukua kulipa, toa siku ambazo wasambazaji wanakubali kusubiri malipo yao.

Kuupima mzunguko

Chukua mfano wa duka la jumla mjini Dodoma, lenye stoo moja na wafanyakazi watatu. Linauza sukari, unga wa ngano, mafuta ya kula, sabuni, na mchanganyiko wa bidhaa ndogondogo kama biskuti, juisi, viberiti na vipodozi. Wateja wake ni wenye maduka ya mitaani na mama lishe. Sehemu kubwa ya mzigo inatoka Dar es Salaam, umbali wa karibu kilomita 450, na sukari inatoka kwa mawakala wa viwanda vya Morogoro. Ili hesabu iwe nyepesi, kodi ya ongezeko la thamani imewekwa kando, mwezi umehesabiwa siku 30 na mwaka siku 360.

Hatua ya kwanza ni kujua gharama ya mzigo uliouzwa. Mwanzoni mwa mwezi stoo ilikuwa na mzigo wa shilingi milioni 49. Katika mwezi ukaingia mzigo wa milioni 62. Mwisho wa mwezi mzigo ukahesabiwa ukakutwa wa milioni 51. Jumla ya milioni 49 na 62 ni 111. Ukitoa 51 iliyobaki, mzigo uliotoka uligharimu milioni 60, yaani milioni 2 kwa siku. Mzigo huo uliuzwa kwa milioni 63, sawa na milioni 2.1 kwa siku, kwa hiyo faida ghafi ni milioni 3. Kodi ya pango, mishahara, umeme, wapagazi na usafiri wa ndani vinachukua milioni 1.9, na inabaki faida ya milioni 1.1 kwa mwezi.

Kuna jambo moja la kuangalia katika hatua hii. Mzigo wote wa stoo huhesabiwa kwa bei ya kununulia. Mfanyabiashara akiuhesabu kwa bei ya kuuzia, anaandika faida ambayo bado hajaipata, na stoo inaonekana tajiri kuliko ilivyo. Aidha, hesabu ni ya kilichopo kwa macho, si kilichoandikwa kwenye kadi za stoo. Mfuko uliochanika, katoni iliyoibwa na ndoo iliyovuja hubaki kwenye kadi mpaka mtu apande juu ya rundo na kuhesabu moja moja.

Hatua ya pili ni siku za stoo. Wastani wa mzigo kati ya mwanzo na mwisho wa mwezi ni milioni 50. Ukigawa kwa milioni 2 zinazotoka kila siku, unapata siku 25. Maana yake ni kwamba, kwa wastani, shilingi iliyoingia stoo leo itatoka baada ya siku 25.

Hatua ya tatu ni siku za madeni ya wateja. Daftari linaonyesha wateja wanadaiwa milioni 21. Madeni yameandikwa kwa bei ya kuuzia, kwa hiyo yanagawanywa kwa mauzo ya siku, milioni 2.1, na jibu ni siku 10.

Hatua ya nne ni siku za mali kauli, yaani mzigo uliochukuliwa kwa wasambazaji kwa ahadi ya kulipa baadaye. Duka linadaiwa milioni 14. Zikigawanywa kwa milioni 2 ni siku 7.

Mzunguko wa duka hili, basi, ni 25 kuongeza 10 kutoa 7, yaani siku 28. Na mtaji uliofungwa ndani yake ni milioni 50 za stoo kuongeza milioni 21 za wateja, kutoa milioni 14 za wasambazaji: milioni 57. Kila siku moja inayopunguzwa stoo inarudisha mikononi mwa mwenye duka shilingi milioni 2, na kila siku inayoongezeka inamtoa kiasi hichohicho. Huku faida yake ya mwezi mzima ni milioni 1.1. Stoo ikichelewa siku moja tu zaidi, pesa inayozama humo ni karibu faida ya miezi miwili.

Ndani ya wastani

Siku 25 ni wastani wa stoo nzima, na wastani huficha mengi. Hesabu hiyohiyo ikifanywa kwa kila bidhaa, sura nyingine inajitokeza.

Sukari inatoka kwa thamani ya shilingi 600,000 kwa siku, na iliyopo stoo ni ya milioni 6. Hizo ni siku 10. Unga wa ngano unatoka kwa 400,000 na uliopo ni wa milioni 4.8, siku 12. Sabuni inatoka kwa 300,000 na iliyopo ni ya milioni 7.2, siku 24. Mafuta ya kula yanatoka kwa 500,000 na yaliyopo ni ya milioni 15, siku 30. Bidhaa ndogondogo zote kwa pamoja zinatoka kwa 200,000 tu kwa siku, lakini zilizopo stoo ni za milioni 17. Hizo ni siku 85.

Sehemu moja ya kumi ya mauzo, kwa maneno mengine, imeshikilia theluthi moja ya pesa ya stoo. Hali hiyo huja polepole. Wakala wa mauzo anapita na aina mpya ya biskuti, duka linachukua katoni 20 kujaribu, zinatoka 12, nane zinasukumwa nyuma. Mwezi unaofuata inakuja ladha nyingine. Hakuna siku ambayo mwenye duka aliamua kuweka milioni 17 katika biskuti na losheni. Ziliingia katoni kwa katoni, na katoni nane za nyuma hazimkeri mtu kwa sababu bei ya kila moja ni ndogo.

Ukiingia stoo ya namna hii unaweza kuutambua mzigo uliolala kabla ya kufungua daftari. Sukari na unga viko karibu na mlango, kwa sababu wapagazi wanavigusa kila siku. Kadiri unavyoelekea ukutani, vumbi linazidi juu ya katoni, na tarehe za mwisho wa matumizi zinazidi kukaribia. Katoni za chini zimebonyea kwa uzito wa zile za juu. Miche ya sabuni iliyokaa muda mrefu imekauka, imepungua uzito na kujikunja kingo, na mteja anayenunua kwa kupima kwa macho ataikataa. Mzigo mpya ukiwekwa mbele ya wa zamani, wa zamani hautoki tena. Ndiyo maana kanuni ya kutoa kwanza kilichoingia kwanza inahitaji njia ya kupita kati ya marundo, si maelekezo kwa mdomo tu.

Watu wengi hujibu kwamba bidhaa ndogondogo zina faida nzuri kuliko sukari, na ni kweli kwa kila shilingi 100 ya mauzo. Katika duka hili sukari inapata faida ghafi ya asilimia 2.5 juu ya bei ya kununulia, na bidhaa ndogondogo zinapata asilimia 12. Lakini swali linalomhusu mwenye mtaji ni faida ambayo shilingi iliyowekwa pale inaleta kwa mwaka. Sukari inaleta 15,000 kwa siku, sawa na milioni 5.4 kwa mwaka, kutokana na mtaji wa milioni 6. Hiyo ni shilingi 90 kwa kila 100 zilizowekwa. Bidhaa ndogondogo zinaleta 24,000 kwa siku, milioni 8.64 kwa mwaka, kutokana na mtaji wa milioni 17. Hiyo ni shilingi 51 hivi kwa kila 100. Bidhaa yenye faida nyembamba inashinda kwa sababu inazunguka mara 36 kwa mwaka, huku ile yenye faida nono inazunguka mara nne na kidogo.

Hii haimaanishi biskuti ziondolewe zote. Mwenye duka la mtaani hupenda kununua vitu vyote sehemu moja ili alipe bodaboda au bajaji mara moja. Duka lisilo na viberiti linaweza kupoteza mnunuzi wa mifuko mitano ya unga. Kinachotakiwa ni kuwa na kila aina inayoulizwa kwa kiasi kinachoendana na kasi yake ya kutoka, na kuacha kuagiza aina ambazo haziulizwi.

Punguzo la bei na gharama yake

Mafuta ya kula yamefika siku 30 kwa sababu nyingine. Zamani duka lilinunua mafuta ya milioni 7 kila baada ya siku 14. Msambazaji akatoa ofa: ukichukua ya milioni 28 kwa mkupuo na kulipa taslimu, unapunguziwa asilimia 2. Punguzo hilo ni shilingi 560,000, na mwenye duka akaliona kama faida ya wazi.

Hesabu kamili inahitaji upande wa pili. Ukinunua milioni 7 na kuziuza kidogokidogo hadi ziishe, wastani wa pesa iliyo ndani ya mafuta ni nusu yake, milioni 3.5. Ukinunua milioni 28, wastani unakuwa milioni 14. Kwa hiyo ofa ile imefunga milioni 10.5 za ziada kwa siku 56, ambazo ndizo siku za kuuza mzigo wote. Kama pesa hiyo ni mkopo wa riba ya asilimia 3 kwa mwezi, riba yake kwa siku 56 ni shilingi 588,000. Punguzo la 560,000 limenunuliwa kwa 588,000, na bado hakijahesabiwa chochote kwa nafasi ya stoo, ndoo zinazovuja na bei inayoweza kushuka kabla mzigo haujaisha.

Hata pale pesa si ya mkopo, kipimo ni kilekile: ingefanya nini mahali pengine dukani? Kama duka linakosa sukari kwa siku tatu kila mwezi kwa sababu pesa iko kwenye mafuta, faida ya sukari iliyokosekana, pamoja na wateja walioenda kununua kwa jirani, ndiyo bei ya punguzo lile.

Kuna nyakati ambapo kununua mzigo mkubwa kuna mantiki. Kabla ya Ramadhani, mahitaji ya sukari, unga na mafuta yanapanda kwa uhakika, na stoo kubwa ya wiki chache si kosa. Lakini kununua kwa kubashiri bei ni kazi tofauti na ya jumla, na ina hatari kwa pande zote mbili. Mwanzoni mwa 2024, mvua kubwa za El Niño zilikwamisha uvunaji wa miwa nchini Tanzania, sukari ikaadimika na bei ikapanda. Aliyekuwa na akiba alipata. Serikali ikatangaza bei elekezi na kuruhusu sukari kutoka nje, na ilipoingia sokoni bei ikashuka. Aliyejaza stoo wakati bei iko juu alibaki na mzigo wa gharama kubwa mbele ya wateja waliokwisha kusikia bei mpya.

Daftari la madeni

Siku 10 za madeni zinaonekana chache, lakini nazo zinahitaji kufunguliwa. Katika duka hili nusu ya mauzo ni taslimu, ikiwemo malipo ya simu yanayoingia papo hapo. Mauzo ya mkopo ni shilingi 1,050,000 kwa siku. Ukigawa milioni 21 kwa kiasi hicho, wanaokopa wanachukua siku 20 kulipa, ingawa makubaliano kwa mdomo ni siku 14.

Njia bora ya kulisoma daftari ni kupanga madeni kwa umri. Katika milioni 21, milioni 12 ni za ndani ya wiki mbili, na hizo hazina shida. Milioni 4 zina umri wa kati ya wiki mbili na mwezi. Milioni 5 zilizobaki zimepita siku 60. Kundi hili la mwisho ndilo linalovuta wastani juu, na mara nyingi ni watu wachache wanaoendelea kuchukua mzigo mpya huku deni la zamani likiwa palepale. Wanalipia mzigo wa leo kidogo, wanachukua mwingine, na mstari wa zamani haufutwi.

Dawa inayotumika ni kiwango cha juu cha deni kwa kila mteja, na sharti kwamba mzigo mpya hutoka baada ya ule wa kabla yake kulipwa. Linafanya kazi likiwa limeandikwa na kusainiwa tangu mwanzo, kwa sababu ni vigumu kumwambia mteja wa miaka mingi sharti jipya akiwa amesimama kaunta na bajaji inamsubiri nje. Deni la zamani hutenganishwa na manunuzi mapya na kupangiwa malipo madogo ya kila wiki.

Pesa ya wasambazaji

Siku 7 za mali kauli ni wastani wa hali mbili zilizo mbali. Sukari hulipwa kabla: pesa inaingizwa benki, hati ya malipo inapelekwa kwa wakala, ndipo lori linapakiwa. Kwa siku zote za kusubiri lori, pesa imekwisha kutoka lakini mzigo haujafika, kwa hiyo haionekani stoo wala kwenye daftari. Mfanyabiashara makini huiandika kando na kuihesabu kama mtaji uliofungwa. Sabuni na bidhaa ndogondogo, kwa upande mwingine, wasambazaji huzitoa kwa mali kauli ya wiki mbili hadi mwezi, na hapo ndipo mtego ulipo. Kuzichukua hakugusi pesa siku hiyo, kwa hiyo zinachukuliwa nyingi. Mkopo wa siku 30 juu ya bidhaa inayokaa siku 85 unamaanisha kwamba kwa siku 55 duka linagharamia mzigo huo kwa pesa ya sukari.

Kurefusha mali kauli ni njia rahisi ya kufupisha mzunguko, nayo ina mwisho. Msambazaji anayecheleweshewa malipo hupandisha bei, hupunguza kiasi, au humhudumia kwanza anayelipa taslimu mzigo unapokuwa haba. Mfano mkubwa katika Afrika Mashariki ni Nakumatt ya Kenya, iliyokuwa mtandao wa maduka makubwa unaosifiwa. Ilipanuka huku ikilimbikiza madeni ya wasambazaji na ya benki. Wasambazaji walipoacha kuleta mzigo, rafu zikabaki tupu mwaka 2017, na bila mzigo hakukuwa na mauzo ya kulipia madeni. Iliwekwa chini ya msimamizi Januari 2018, na mwaka 2020 wadai wakapiga kura ifungwe.

Kuurudisha mtaji

Duka la Dodoma linaweza kuanza na stoo, kwa kuwa ndiko pesa nyingi iliko. Katika bidhaa ndogondogo, mzigo ambao haujatembea kwa zaidi ya siku 90 una thamani ya milioni 6. Ukiuzwa kwa asilimia 15 chini ya bei ya kununulia, hasara ni shilingi 900,000 na pesa inayopatikana ni milioni 5.1. Kama wateja wa sukari wapo na wanakosa, milioni 5.1 zikiwekwa humo zinaleta 127,500 kila siku 10, na mizunguko minane, chini ya miezi mitatu, inafuta hasara yote. Kama wateja hao hawapo, pesa hiyo hupunguza mkopo, na faida yake ni riba isiyolipwa tena. Milioni 2.5 nyingine zinapatikana kwa kuacha tu kuagiza aina zilizozidi, na bidhaa ndogondogo zinabaki za milioni 8.5.

Mafuta yanarudishwa kwenye manunuzi ya kila siku 14. Wastani wake, pamoja na akiba ya milioni 1, unashuka kutoka milioni 15 hadi 4.5. Stoo nzima sasa ni ya milioni 31, sawa na siku 15 na nusu. Wanaokopa wakirudishwa kwenye siku 14 walizokubali, madeni yanakuwa milioni 14.7, sawa na siku 7 za mauzo. Wasambazaji wakibaki pale pale kwenye siku 7, mzunguko unakuwa siku 15 na nusu badala ya 28, na mtaji unaohitajika ni milioni 31.7 badala ya 57. Mtaji uliofungwa umepungua kwa milioni 25.3, kwa mauzo yaleyale.

Ukubwa wa jambo hili unaonekana zaidi duka linapotaka kukua. Mauzo yakiongezeka kwa asilimia 30 huku mzunguko ukiwa ule wa siku 28, mtaji nao lazima uongezeke kwa asilimia 30, yaani shilingi milioni 17.1. Faida ya mwaka mzima ni milioni 13.2, kabla mwenye duka hajatoa ada za shule wala chakula cha nyumbani. Duka hilo haliwezi kukua kwa faida yake lenyewe. Litakopa, au litaishiwa pesa katikati ya mauzo mazuri. Kwa mzunguko wa siku 15 na nusu, ukuaji uleule unahitaji milioni 9.5 hivi, na faida ya mwaka inaweza kuubeba.

Kupunguza stoo kuna kiwango chake cha chini, na kiwango hicho huhesabiwa kwa kila bidhaa. Sukari inatoka mifuko 5 ya kilo 50 kwa siku. Tangu malipo hadi lori kufika ni siku 4, na kwa kuwa lori huchelewa, inawekwa akiba ya siku 3. Siku 7 mara mifuko 5 ni mifuko 35: stoo ikifika hapo, agizo linatoka siku hiyo. Agizo likiwa mifuko 70, stoo itapanda hadi 85 mzigo unapofika na kushuka hadi 15 kabla ya mwingine kuingia, na wastani wake ni mifuko 50, ambayo ndiyo milioni 6 ya hesabu ya awali. Sukari ya duka hili ilikuwa tayari mahali pake. Anayeikata hadi siku 5 kwa kutaka mzunguko mfupi zaidi ataanza kuwaambia wateja warudi kesho, na baadhi yao hawatarudi.

Kipimo hiki nacho kina mipaka. Stoo ikihesabiwa siku moja kabla ya lori kuingia, siku zitaonekana chache. Ikihesabiwa siku moja baada yake, zitaonekana nyingi. Wastani wa hesabu nne, moja kila wiki, hukaribia ukweli zaidi. Bei zikipanda haraka, mzigo wa zamani huonekana mdogo kwa shilingi ingawa mifuko ni ileile, kwa hiyo idadi ya mifuko na katoni huandikwa sambamba na thamani. Na mwezi wa Ramadhani hulinganishwa na Ramadhani iliyopita, si na mwezi uliotangulia.

Kwa duka dogo, kazi yote hii inaenea katika ukurasa mmoja wa daftari mwishoni mwa mwezi: mzigo uliohesabiwa kwa kila kundi la bidhaa, madeni ya wateja yaliyopangwa kwa umri, madeni ya wasambazaji na pesa iliyolipwa mapema kwa mzigo ambao haujafika. Namba nne za siku hutolewa humo na kuwekwa kando ya zile za mwezi uliopita. Namba iliyopanda ndiyo inayoonyesha pesa ilikoenda, na kundi la bidhaa au mteja aliyeipandisha atapatikana katika ukurasa huohuo.